Jaribu Kwanza au Fungua Yote? Piga Hesabu Kuanzia Mwisho

Biashara yako imeshika Kitale, na sasa unaangalia Bungoma. Watu wawili wanakushauri. Wa kwanza anasema fungua matawi yote mara moja kabla mwingine hajakuwahi. Wa pili anasema anza na moja, uone, halafu uendelee. Kila mmoja ana mifano yake ya kukuonyesha, na ukiwasikiliza tu utabaki pale pale. Jibu linatoka kwenye hesabu, na hesabu yenyewe inaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Hesabu hiyo inaitwa mti wa maamuzi. Unauchora kuanzia leo kwenda mbele, tawi kwa tawi, kila tawi likiwa jambo linaloweza kutokea. Lakini ukifika kwenye kupiga hesabu unageuka: unaanzia kwenye ncha za matawi, miezi na miaka ijayo, na kurudi nyuma hadi leo. Wengi hukosea hapa. Wanaanza na swali la leo, "nijaribu au nisijaribu?", ilhali jibu lake linategemea watakachofanya baada ya kuona matokeo ya jaribio.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho.

Maziwa ya Kitale, wateja wa Bungoma

Tuseme kuna mama mwenye ATM ya maziwa mjini Kitale. Ni ile mashine ambayo mteja analipa kiasi alichonacho, hata kama ni shilingi ishirini, nayo inamtilia maziwa ya thamani hiyo kwenye chupa yake. Maziwa yenyewe si shida kwake, kwa sababu Trans Nzoia ina wafugaji wengi. Anachotaka ni kufungua vibanda vinne kaunti ya Bungoma: Kanduyi, Chwele, Kimilili na Webuye.

Asichojua ni kitu kimoja tu. Je, watu wa huko wataacha kununua kwa jirani mwenye ng'ombe, au kwa kijana anayepita na madebe asubuhi, waje kwenye kibanda chake kila siku? Hapo ndipo hatari yote ilipo.

Amekaa chini akapiga hesabu ya miaka miwili: mashine, friji, kodi, kibali cha Bodi ya Maziwa ya Kenya, mishahara, mafuta ya gari kutoka Kitale kupitia Kamukuywa hadi Webuye na kuendelea. Takwimu hizi ni za mfano tu, zako zitakuwa nyingine.

Soko likiwa zuri, vibanda vinne vitamwachia faida ya shilingi 800,000 baada ya kutoa gharama zote. Soko likiwa baya, atauza mashine kwa bei ya hasara na kubaki amepoteza shilingi 700,000. Kwa urahisi, tuseme vibanda vyote vinne vitakuwa na bahati moja. Akijiuliza kwa moyo mweupe, anaona nafasi ni nusu kwa nusu.

Pia anaweza kufanya jaribio kwanza. Atafungua kibanda kimoja Kanduyi kwa miezi minne, akitumia mashine ya kukodi. Jaribio hilo litamgharimu shilingi 80,000 baada ya kutoa alichouza.

Kuchora mti

Kwenye daftari, weka alama ya mraba kila mahali ambapo wewe ndiye unayeamua. Weka duara kila mahali ambapo soko, mvua au bahati ndiyo inayoamua. Kuchanganya hizi mbili ni kosa la kawaida. Kufungua kibanda ni mraba, kwa sababu uko mikononi mwako. Mteja kurudi kesho ni duara.

Mti wa mama huyu unaanza na mraba mmoja wenye njia tatu:

```
[A] Fungua vinne leo
      (soko zuri)    +800,000
      (soko baya)    -700,000
[B] Jaribio kwanza, gharama 80,000
      (ishara nzuri) -> [fungua vinne, au acha]
      (ishara mbaya) -> [fungua vinne, au acha]
[C] Baki Kitale        0
```

Angalia njia B. Baada ya jaribio kuna mraba mwingine. Yaani jaribio halikuamulii kitu. Linakuletea habari, kisha linakuachia uamuzi mwenyewe.

Njia A ni rahisi kuhesabu. Kama nafasi ni nusu kwa nusu, chukua nusu ya 800,000 ambayo ni 400,000, toa nusu ya 700,000 ambayo ni 350,000. Inabaki 50,000. Hii ndiyo thamani ya wastani ya njia A: kama watu wengi wangefanya uamuzi huu huu katika hali hii hii, kila mmoja angepata wastani wa shilingi 50,000. Ni faida, ingawa ni nyembamba. Njia C ni sifuri.

Mshauri wa kwanza basi hana makosa. Kufungua yote leo ni afadhali kuliko kukaa. Swali ni kama njia B inaishinda.

Jaribio husema ukweli mara ngapi?

Jaribio si kioo. Kibanda cha Kanduyi kinaweza kuuza vizuri na bado Chwele na Kimilili zikakataa. Kinaweza pia kuuza vibaya kwa sababu ya mahali kilipowekwa tu, ilhali soko lenyewe lipo. Kwa hiyo mama anahitaji kukadiria jaribio lake linaaminika kiasi gani. Tuseme linasema ukweli mara 8 kati ya 10.

Njia nyepesi ya kuhesabu hapa ni kufikiria miji 100 inayofanana na Bungoma, badala ya kuhangaika na asilimia. Katika miji hiyo, 50 ina soko zuri na 50 ina soko baya.

Katika ile 50 yenye soko zuri, jaribio litaonyesha ishara nzuri kwenye miji 40, na ishara mbaya kwenye 10. Katika ile 50 yenye soko baya, jaribio litadanganya kwenye miji 10 na kuonyesha ishara nzuri, na litasema ukweli kwenye 40.

Sasa jumlisha. Ishara nzuri inatokea kwenye miji 50, na kati ya hiyo 40 ni mizuri kweli. Ishara mbaya nayo inatokea kwenye miji 50, na kati ya hiyo mizuri ni 10 tu. Kwa hiyo mama akiona ishara nzuri, nafasi yake imepanda kutoka nusu hadi 80 kwa 100. Akiona ishara mbaya, imeshuka hadi 20 kwa 100.

Kurudi nyuma kutoka mwisho

Sahau leo kwanza. Jiweke kwenye mwezi wa tano, jaribio limekwisha na ishara ni nzuri. Ufungue vibanda vinne au uache?

Ukifungua: asilimia 80 ya 800,000 ni 640,000. Asilimia 20 ya 700,000 ni 140,000. Toa, unabaki na 500,000. Ukiacha ni sifuri. Unafungua. Andika 500,000 kwenye mraba huo na ukate tawi la kuacha.

Sasa jiweke mwezi huo huo wa tano, lakini ishara ni mbaya. Ukifungua: asilimia 20 ya 800,000 ni 160,000. Asilimia 80 ya 700,000 ni 560,000. Toa, unapata hasara ya 400,000. Ukiacha ni sifuri. Unaacha. Andika sifuri, kata tawi la kufungua.

Utaona kwamba ile 80,000 ya jaribio haikuingia kwenye maamuzi haya mawili. Si kwamba imesahaulika. Kufikia mwezi wa tano imeshatumika, na hairudi ukifungua wala ukiacha. Kitu kilichopotea pande zote mbili hakiwezi kukuchagulia upande.

Rudi nyuma hatua moja. Ishara nzuri na mbaya zina nafasi sawa, nusu kwa nusu. Nusu ya 500,000 ni 250,000, na nusu ya sifuri ni sifuri. Kwa hiyo kabla ya kujua matokeo, jaribio lina thamani ya 250,000. Hapa sasa ndipo unatoa gharama yake: 250,000 kutoa 80,000 ni 170,000.

Tumefika leo. Njia A ina 50,000, njia B ina 170,000, njia C ina sifuri. Mama ajaribu kwanza.

Faida imetoka wapi?

Kabla hujafunga daftari, tafuta ile faida ya ziada imetoka wapi. Jaribio halikuongeza mteja hata mmoja Bungoma. Halikubadilisha ukweli kwamba soko ni nusu kwa nusu. Faida yote imetoka kwenye tawi moja, lile la ishara mbaya, ambapo mama alikunja mkeka na kurudi Kitale badala ya kuingia kwenye hasara ya wastani wa 400,000.

Hebu sasa tuone kingetokea nini kama mama ni mtu asiyekubali kurudi nyuma. Jaribio linakwenda vibaya, lakini ameshawaambia ndugu zake, ameshalipa mtu wa mabango, na anajiambia, "Nimeshatumia elfu themanini, siwezi kuziacha hivi hivi." Anafungua vinne hata hivyo.

Hesabu yake inakuwa hivi. Ishara nzuri: 500,000. Ishara mbaya, anafungua pia: hasara ya 400,000. Nusu ya kwanza ni 250,000, nusu ya pili ni hasara ya 200,000. Inabaki 50,000, ambayo ndiyo ile ile ya njia A. Toa gharama ya jaribio na anaingia kwenye hasara ya 30,000.

Soma tena hapo. Jaribio lile lile, Kanduyi ile ile, gharama ile ile, limetoka kwenye faida ya 170,000 hadi hasara ya 30,000, kwa sababu tu mwenyewe hakuwa tayari kuacha. Ndiyo maana tunahesabu kuanzia mwisho. Swali la kwanza si "jaribio ni bei gani?" Ni hili: "ishara ikiwa mbaya, kweli nitaacha?" Kama jibu ni hapana, usijaribu. Fungua yote leo au baki nyumbani. Zote mbili ni nafuu kuliko kununua habari ambayo hutaitumia.

Bei ya juu ya kulipia jaribio

Mti huu unakupa pia kikomo. Thamani ya jaribio kabla ya gharama ni 250,000, na njia A ni 50,000. Tofauti ni 200,000. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa ambayo mama anaweza kulipia jaribio hili. Likizidi hapo, afadhali afungue vinne moja kwa moja.

Kwenye bei hiyo ingiza pia muda. Miezi minne ya kungoja ina gharama hata kama hakuna risiti yake. Kama mwingine anaweza kukodi zile sehemu nzuri za Chwele na Webuye ukiwa bado unapima Kanduyi, kadiria faida itakayopotea na uiongeze kwenye zile 80,000. Hapo ndipo mshauri wa kwanza anaweza kuwa na haki.

Jaribio dhaifu ni ghali kuliko linavyoonekana

Tulisema jaribio linasema ukweli mara 8 kati ya 10. Je, likiwa linasema ukweli mara 6 tu?

Rudi kwenye miji 100. Ishara nzuri itatokea kwenye miji 30 mizuri na miji 20 mibaya, kwa hiyo ukiiona nafasi yako ni 60 kwa 100. Ukifungua unapata wastani wa 480,000 kutoa 280,000, yaani 200,000. Ishara mbaya ina nafasi ya 40 kwa 100. Ukifungua ni hasara ya 100,000, kwa hiyo unaacha. Nusu ya 200,000 ni 100,000. Toa gharama ya 80,000 na unabaki na 20,000.

Sasa njia A, yenye 50,000, imeshinda. Jaribio dhaifu limekufanya uwe na hali mbaya zaidi ya mtu aliyefungua bila kujaribu, hata kama ulikuwa tayari kuacha.

Nini hudhoofisha jaribio? Kwa biashara ya maziwa upande huu, la kwanza ni msimu. Ukijaribu Januari hadi Machi, majani yamekauka, ng'ombe wa jirani wamepunguza maziwa, na watu wanakuja kwako kwa sababu hawana pa kwenda. Utaona foleni na kudhani umepata soko. Mvua ndefu ikishika, maziwa yanajaa kila boma na foleni inaisha. Jaribio la miezi minne linafaa likanyage pande zote mbili, kwa mfano Februari hadi Mei. Lisipoweza, basi lianguke kwenye miezi ya maziwa mengi, kwa sababu ukiuza wakati huo, kiangazi hakitakushinda.

La pili ni bei. Watu wengi huanza na bei ya kuvutia, halafu wanapanga kuipandisha baadaye. Hapo umepima kama watu wanapenda maziwa rahisi, na hilo ulilijua tayari. Jaribu kwa bei ile ile utakayouzia vibanda vyote vinne.

La tatu ni kuhesabu mauzo badala ya wateja wanaorudi. Wiki za kwanza watu huja kuiona mashine. Kwa hiyo usitumie mwezi wa kwanza. Kama wateja wako hulipa kwa simu, taarifa ya malipo ya kibanda inakuonyesha siku, saa na kiasi cha kila malipo. Malipo madogo yanayojirudia asubuhi na jioni, Jumatatu hadi Jumapili, ni ya watu wanaonunua maziwa ya chai. Malipo makubwa yanayorundikana siku moja huenda ni hoteli moja au sherehe. Wanaolipa taslimu hawatokei kwenye taarifa, kwa hiyo muuzaji awaandike kwenye daftari, la sivyo picha yako itakuwa nusu.

Na zaidi ya yote, andika mstari wa kuvuka kabla ya kuanza. Kwa mfano: "Mwezi wa tatu na wa nne, kibanda kisipofikisha wastani wa lita 120 kwa siku, hiyo ni ishara mbaya." Idadi yako utaipata kwenye gharama zako. La muhimu ni tarehe iliyo juu ya ukurasa, itangulie siku ya kufungua. Ukingoja uone kwanza, lita 90 zitageuka kuwa "si mbaya sana."

Njia ambayo mti wa mama haukuwa nayo

Mfano mkubwa wa jaribio kwanza uko karibu nasi. Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, walianza kujaribu M-Pesa Nairobi na Thika na wateja wasiofika 500. Sehemu ya pesa ilitoka kwa serikali ya Uingereza. Kilichokuwa kinajaribiwa ni jinsi wateja wa Faulu wangepokea na kulipa mikopo kwa simu.

Ukitazama tu lengo hilo, ishara haikuwa nzuri. Kuunganisha huduma ile na vitabu vya Faulu kulikuwa kazi ngumu. Lakini wateja walikuwa wanafanya mambo yao: wanatumiana pesa, wanalipiana. Huduma ilipofunguliwa nchi nzima Machi 2007, mikopo iliwekwa kando na kilichotangazwa ni kutuma pesa nyumbani.

Kwa hiyo baada ya jaribio mraba unaweza kuwa na njia ya tatu, kati ya kufungua na kuacha: badilisha. Mama anaweza kugundua kwamba watu wa Kanduyi hawanunui maziwa mabichi ya chai ila wanamaliza mala kila siku. Tawi hilo lichorwe tangu mwanzo, na liwekewe hesabu yake. Likiwa na faida yoyote, thamani ya jaribio inapanda, kwa sababu ishara mbaya haikuletei tena sifuri. Lakini "badilisha" isiwe jina lingine la kukataa kuacha. Kama huwezi kuandika gharama yake na mapato yake, bado si tawi.

Pale wastani usipotosha

Kuna kitu kimoja mti huu hauoni. Hata baada ya ishara nzuri, mara moja kati ya tano mama atapoteza 700,000. Wastani unasema aende. Lakini mama hana miji 100, ana Bungoma moja. Kama hizo 700,000 ni akiba yake na anaweza kuanza tena, afuate wastani. Kama ni mkopo uliowekewa shamba, hiyo moja kati ya tano inaweza kuwa mwisho wa biashara ya Kitale pia.

Hapo dawa ni kuongeza hatua. Baada ya Kanduyi, afungue viwili, angoje miezi michache, kisha viwili vya mwisho. Mti unakuwa na mraba mmoja zaidi, na hesabu inafanywa vile vile: anzia kwenye mraba wa mwisho kabisa, chagua tawi bora, kata lingine, rudi nyuma. Wastani unaweza kupungua kidogo kwa sababu ya kungoja, lakini hakuna hatua moja itakayoweza kubeba shamba.

Leo usiku, kabla ya kumpigia mwenye nyumba wa Kanduyi kuulizia kodi, chora ule mraba wa mwisho. Andika chini yake ishara itakayokufanya uache, kisha mwonyeshe mtu mmoja atakayekukumbusha siku hiyo ikifika.